Rufaa ya kazini: Onyesha ushahidi ulioachwa

Hapa Entarara, majirani hunijia na barua za mwajiri zinazosema lalamiko lao limetupwa. Wengi wao huwa wamekwisha kuandika rufaa ya kurasa tatu inayorudia malalamiko yale yale. Rufaa ya namna hiyo haifiki mbali. Anayeisikiliza anataka kujua jambo moja: uamuzi wa kwanza ulikosea wapi?

Chukua mfano wa karani wa stoo upande wa Kitengela. Alidai malipo ya Jumapili nne alizofanya kazi. Barua ya uamuzi ikasema hakuna ushahidi kwamba alikuwa kazini siku hizo. Kumbe alikuwa ameambatisha nakala za daftari la lango, na akataja jina la mlinzi aliyemfungulia. Barua haikugusa daftari wala mlinzi.

Tuliandika rufaa ya ukurasa mmoja yenye sababu mbili. Ya kwanza: nakala za daftari, kielelezo namba 2, zilipokelewa na kugongwa muhuri, lakini aya ya tatu ya uamuzi inasema hakuna ushahidi. Zinaonyesha saa za kuingia na kutoka katika Jumapili zote nne. Ya pili: mlinzi alitajwa kuwa shahidi, hakuitwa, na sababu haikutolewa. Mwisho tukaomba daftari lenyewe likaguliwe, mlinzi ahojiwe, na rufaa isikilizwe na mtu ambaye hakutoa uamuzi wa kwanza.

Ona mpangilio wake: ushahidi gani, uliwasilishwa lini, uamuzi uliuruka wapi, na ungebadilisha nini. Sentensi kama "sikutendewa haki" haina pa kushikiwa. Na kama ushahidi ni mpya, sema hivyo wazi na ueleze kwa nini haukuwepo mwanzoni. Huwezi kulaumu kikao kwa kuacha karatasi ambayo hakikuletewa.

Rufaa hupelekwa kwa nani? Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 12, inamtaka mwajiri aonyeshe kwa maandishi mfanyakazi apeleke malalamiko yake kwa nani na kwa njia gani. Sharti hilo halimbani mwajiri aliyekuwa na wafanyakazi chini ya 50 ulipoanza kazi. Siku za kukata rufaa zitazame katika kanuni za kampuni au barua yenyewe ya uamuzi. Peleka nakala mbili, yako igongwe muhuri na tarehe.

Rufaa ikikwama, afisa wa leba yupo, na baada yake Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Lakini tahadhari: madai ya mkataba wa kazi yana kikomo cha miaka 3, na ikiwa ni madhara yanayoendelea, miezi 12 tangu yakome. Kungoja majibu ya kampuni hakusimamishi saa hiyo.

Yule karani bado anasubiri tarehe ya kusikilizwa. Nakala yake yenye muhuri ameihifadhi nyumbani, si kazini.