Nani Yumo Kwenye Waifai Yako?

Kifurushi kilichokuwa kikitosha mwezi mzima kinaanza kukata tarehe ishirini, na kila mtu nyumbani anaapa kwamba hajabadili matumizi yake. Kabla ya kumpigia simu mtoa huduma au kumshuku jirani, kuna mahali pa kutazama. Ruta yenyewe hutunza orodha ya vifaa vilivyounganishwa nayo, na orodha hiyo hufunguliwa kwa simu au kompyuta yoyote iliyo kwenye waifai hiyohiyo. Kuifungua ni rahisi. Kuielewa ndiko kunakotaka utulivu, kwa sababu majina yaliyomo mara nyingi hayafanani na vifaa unavyovijua.

Kwanza utafute anwani ya ruta. Wengi huambiwa waandike 192.168.1.1 na kukata tamaa ukurasa usipofunguka. Anwani hiyo ni ya kawaida, lakini si ya ruta zote. Ruta nyingi za laini ya simu za Huawei hutumia 192.168.8.1, vifaa vingi vya faiba vya kampuni hiyo hutumia 192.168.100.1, na nyingine nyingi hutumia 192.168.0.1. Hakuna haja ya kubahatisha, maana kifaa chako tayari kinaijua. Bila hiyo kisingepata intaneti. Kwenye iPhone, fungua mipangilio ya Wi-Fi, gusa alama ya (i) iliyo kando ya jina la mtandao wako, kisha usome namba iliyo mbele ya neno Router. Kwenye simu za Android, fungua maelezo ya mtandao uliounganishwa nao na utafute neno Gateway. Kwenye kompyuta ya Windows, fungua Command Prompt na uandike:

```
ipconfig
```

Yatatoka mafungu kadhaa ya maandishi. Yaliyoandikwa Media disconnected yapite. Fungu unalolitaka ni lile la Wireless LAN adapter Wi-Fi, au la Ethernet ikiwa umechomeka waya, na ndani yake kuna mstari wa Default Gateway. Wakati mwingine mstari huo huanza na anwani ndefu yenye herufi fe80. Iache, na usome ile fupi yenye nukta tatu iliyo chini yake. Hiyo ndiyo anwani ya ruta.

Iandike kwenye sehemu ya juu ya kivinjari, pale panapoandikwa anwani za tovuti, ukitanguliza http:// ili kivinjari kisidhani unatafuta neno. Usipoona ukurasa wa ruta, angalia mambo mawili. Simu ikiona kwamba waifai haina intaneti, huenda ikahamia data zake yenyewe kimyakimya, kwa hiyo zima data za simu kwa muda. Na kama unatumia VPN, izime pia. Ukurasa ukifunguka utaombwa nenosiri la msimamizi, ambalo si lile la waifai. Kwa kawaida limeandikwa kwenye kibandiko chini ya ruta, isipokuwa kama aliyeifunga alilibadilisha. Usikimbilie kubonyeza kitundu cha kurudisha ruta ilivyotoka kiwandani. Hapo mipangilio yote hufutika, na kwa baadhi ya huduma za faiba utabaki bila intaneti hadi mtoa huduma akurudishie taarifa zake. Haya yote, bila shaka, ni kwa ruta yako. Ya hoteli au ya mwenye nyumba ina msimamizi wake.

Ndani, orodha huitwa kwa majina tofauti kulingana na kampuni: Connected Devices, Device List, Attached Devices au DHCP Client List. Kila mstari huwa na mambo matatu. La kwanza ni jina la kifaa. La pili ni anwani ya IP, ambayo ruta imekikopesha kifaa kwa muda na inaweza kubadilika kesho. La tatu ni anwani ya MAC, jozi sita za tarakimu na herufi kati ya A na F.

Jina ndilo linalovutia macho, na ndilo la kuaminiwa kidogo kuliko yote. Ruta haikuligundua. Kifaa kinapoomba anwani ya IP hujitaja chenyewe, kama mgeni anayeulizwa jina mlangoni, na ruta huandika kilichosemwa. Mwenye simu anaweza kuipa jina lolote kwenye mipangilio yake, na kifaa kinaweza pia kunyamaza kabisa. Ndiyo maana mstari ulioandikwa Unknown, au usio na jina, si ushahidi wa mwizi.

Anwani ya MAC ina uzito zaidi. Jozi tatu za mwanzo hutolewa na taasisi ya IEEE kwa kampuni inayotengeneza kifaa, na zipo kurasa za mtandaoni ambako unaziandika na kupata jina la kampuni hiyo. Jozi tatu za mwisho hupangwa na kampuni yenyewe. Ila jina utakaloletewa huenda likawa la aliyetengeneza kijisehemu cha waifai, si la chapa iliyo usoni mwa kifaa. Runinga au kompyuta inaweza kujitokeza kwa jina la Hon Hai au AzureWave, kampuni ambazo hakuna mtu aliyewahi kuziona dukani.

Simu nazo zimeongeza fumbo jingine. Tangu Android 10 ya mwaka 2019 na iOS 14 ya mwaka 2020, simu nyingi huficha MAC zao halisi na kuipa kila waifai namba ya kubuni, ili wenye mitandao ya hadharani wasiweze kumfuatilia mtu kutoka mahali hadi mahali. Ukiitafutia kampuni namba ya aina hiyo hutapata chochote. Inatambulika kwa kutazama alama yake ya pili: ikiwa ni 2, 6, A au E, namba hiyo ni ya kubuni, na karibu kila mara uko mbele ya simu, tableti au kompyuta ya kisasa.

Sasa tuchukue mfano wa nyumba moja ya familia jijini Tanga, inayotumia ruta ya laini ya simu. Wenyewe wanahesabu vifaa sita: simu tatu, kompyuta mpakato, runinga na printa. Orodha inaonyesha mistari tisa.

Mitano haina taabu. Galaxy-A14 ni simu ya mama, Redmi-Note-12 ni ya kijana mkubwa, na iPhone ni ya dada yake. LGwebOSTV ni runinga. EPSON8B21D7 ni printa, na jina hilo lina faida yake, kwa kuwa herufi na tarakimu sita za mwisho ndizo jozi tatu za mwisho za MAC ya printa hiyo. Unaweza kulilinganisha na namba iliyo kwenye kibandiko chake na kuwa na hakika.

DESKTOP-4F7QK2M ni jina ambalo Windows huipa kompyuta mwenyewe asipochagua lake. Lakini hapa limejitokeza mara mbili, kila mstari na MAC yake. Je, ni kompyuta mbili? Kwenye kompyuta, wanaandika amri nyingine:

```
ipconfig /all
```

na kusoma mistari yote ya Physical Address. MAC zote mbili zimo, ingawa Windows inazitenganisha kwa vistari na ruta kwa nuktambili. Kompyuta ni moja. Asubuhi ilichomekwa waya, mchana ikatumia waifai, na kila njia ina namba yake. Ruta haikufuta mstari wa asubuhi kwa sababu mkopo wa anwani ya IP ulikuwa haujaisha. Katika ruta nyingi mkopo huo hudumu saa 24, na ndani ya muda huo kifaa kilichoondoka kinaweza kuendelea kuonekana. Ruta ikiwa na orodha ya pili, ya vifaa vilivyo hewani sasa hivi, iamini hiyo zaidi.

Mstari wa nane ni ESP_5C03A9. Jina hili limewatisha watu wengi, na si la kutisha. ESP ni kifupi cha Espressif, kampuni ya Shanghai ambayo vijisehemu vyake vya waifai vimo ndani ya taa, soketi na vitambuzi vya bei nafuu. Herufi na tarakimu zinazofuata ni tena mwisho wa MAC. Familia inakumbuka soketi inayowashwa kwa simu, iliyonunuliwa kwa ajili ya pampu ya maji. Wanaichomoa, wanasubiri dakika chache, wanafungua orodha upya, na mstari haupo tena hewani. Wanairudisha, unarudi. Jaribio hili la kuzima na kuwasha lina nguvu kuliko jina lolote, mradi uzime kifaa kimoja kimoja.

Umebaki mstari mmoja, usio na jina, wenye MAC inayoanza na 7A. Alama ya pili ni A, kwa hiyo namba ni ya kubuni na huenda ni simu. Kosa la kawaida hapa ni kulinganisha namba hiyo na MAC iliyoandikwa kwenye boksi la simu. Ile ni halisi, haitafanana. Inayotakiwa ni ile inayoonekana kwenye simu yenyewe, ndani ya maelezo ya mtandao huo huo wa nyumbani. Simu zote tatu zinasomwa. Hakuna yenye 7A. Kisha waifai inazimwa kwenye simu hizo zote, na mstari ule unaendelea kutumia data. Hapo ndipo pa kusema kwamba kuna mtu wa nje, na si kabla. Kijana anapoulizwa anakumbuka kwamba alimwonyesha rafiki yake msimbo wa mraba wa kuunganishia waifai, na rafiki huyo anakaa nyumba ya pili.

Ruta nyingi zina kitufe cha kufungia kifaa kimoja kwa MAC yake. Kwa simu hizi kinga hiyo ni dhaifu, kwa kuwa namba ya kubuni inaweza kubadilishwa na mwenyewe akarudi kwa sura nyingine. Dawa ni kubadilisha nenosiri la waifai, na kubali mapema kwamba vifaa vyote vitaunganishwa upya, ikiwemo printa na ile soketi ya pampu, ambayo italazimika kusajiliwa tena kupitia programu yake.

Jambo moja zaidi kwa wenye ruta mbili, kama ya faiba sebuleni na nyingine iliyofungwa chumba cha nyuma ili waifai ifike. Ruta ya nyuma ikiwa na mtandao wake yenyewe, ile ya mbele huiona kama kifaa kimoja tu, hata kama watu kumi wako nyuma yake. Ukiwa chumba cha nyuma utaona Gateway tofauti na ya sebuleni. Hapo zipo orodha mbili, na hesabu haikamiliki mpaka uzifungue zote, kila moja ukiwa umeunganishwa na ruta yake.