Penseli ya mninga si penseli ya paini

Meza ya kwanza niliyoitengeneza kwa mikono yangu ilikuwa ya paini. Niliipiga randa, nikaipiga msasa mpaka mistari yote ya vipimo ikafutika, nikapaka vanishi mkono wa kwanza. Kabla haijakauka, mistari ikarudi. Ilikatiza uso wa meza kila mahali nilipokuwa nimeweka skwea, myembamba na ya kahawia iliyoiva, kama chale kwenye ngozi. Nilipaka mkono wa pili nikidhani itafunikwa, lakini ikazidi kuiva.

Nilikuwa nimepima kwa penseli ya 4H, niliyoitoa kwenye boksi langu la kuchorea. Nilidhani kuwa penseli yenye ncha kali kuliko zote ndiyo inayopima sawasawa kuliko zote. Kwenye karatasi ngumu ni kweli. Kwenye paini, ncha ile ilikuwa inalima. Msasa uliondoa weusi wa mstari lakini mfereji ukabaki, na vanishi ilipopita ikatuama humo. Ndiyo maana nasema suala la kuchagua penseli haliishii kwenye maandishi ya dhahabu yaliyo ubavuni mwake. Anza kwa kutazama kile utakachokichora.

Wazee wetu waliiita penseli kalamu ya risasi, ingawa ndani yake hamna risasi. Kilichomo ni kinywe, madini yale yale yanayotafutwa Mahenge na Ruangwa, yaliyosagwa yakachanganywa na udongo wa mfinyanzi, yakafinywa kuwa vijiti vyembamba na kuchomwa kwenye tanuru. Mfaransa Nicolas-Jacques Conté ndiye aliyepata hataza ya njia hiyo mwaka 1795, wakati vita vilipoinyima nchi yake kinywe safi kutoka Uingereza. Aliongeza udongo ili kinywe kidogo alichokuwa nacho kitoshe, na humo humo akapata namna ya kuamua ugumu. Udongo ukizidi, kijiti kinakuwa kigumu na mstari wake hafifu. Kinywe kikizidi, kijiti kinalainika na mstari unakuwa mweusi.

Herufi zinatokana na maneno ya Kiingereza: H ni ugumu, B ni weusi. HB iko katikati, F imejibanza kati ya HB na H, na namba inavyopanda ndivyo sifa ya herufi inavyozidi. Kwa hiyo 4H ni ngumu kuliko 2H, na 6B ni laini na nyeusi kuliko 2B. Ila usitegemee kuwa viwanda vyote vinapima kwa mizani moja. HB ya kiwanda kimoja inaweza kuwa nyeusi kama B ya kingine, kwa hiyo mtu anayefanya kazi ya makini hushikamana na aina moja ya penseli anayoijua.

Sasa chukua karatasi ya kawaida ya fotokopi na karatasi nene ya kuchorea yenye uso wa kukwaruza. Piga mstari wa HB kwenye zote mbili kwa mkono ule ule. Kwenye ile ya kukwaruza mstari utatoka mzito zaidi, na ukiusogeza karibu na jicho utaona umekatikakatika: weusi umekaa kwenye vilima, na mabonde yamebaki meupe. Meno ya karatasi ndiyo yanayoikwangua penseli, kama tupa inavyokwangua chuma. Karatasi laini haina meno, hivyo inaikwangua kidogo, na mstari unatoka mwepesi lakini umeungana.

Ndiyo maana 6B inamsumbua mtu kwenye manila nyororo. Unga wake hauna pa kushika. Unapakaa ukiguswa na kiganja, na ukirudia mahali pamoja mara nyingi unaanza kung'aa kama sufuria iliyosuguliwa, wala hauzidi kuwa mweusi. Penseli hiyo hiyo kwenye karatasi yenye meno inatoa kivuli kizito kisicho na mng'ao, kwa sababu unga una mashimo ya kuingia.

Penseli ngumu ina tatizo lake la upande wa pili. Anayeanza kuchora sura kwa 3H au 4H kwenye karatasi ya fotokopi, kisha akafuta na kuweka kivuli kwa 4B, atakuta nyuzi nyeupe zimepita katikati ya kivuli. Ule mstari alioufuta uliacha mfereji, na penseli laini inapita juu yake bila kufika chini. Hakuna raba inayoufukia. Ukitaka kujua kabla hujaharibu mchoro, inamisha karatasi dirishani ili mwanga uje kwa ubavu. Ukiona kivuli ndani ya mstari, penseli ni ngumu mno kwa karatasi hiyo, au mkono wako ni mzito. Mimi huanza kwa HB iliyochongwa vizuri na kushikwa mbali na ncha, ili mkono usiwe na nguvu ya kukandamiza. 2H naiacha kwa ramani na michoro ya vipimo kwenye karatasi ngumu, mahali ambapo mstari hautafutwa. Na wakati wa masika, hasa huku Pwani, karatasi hunyonya unyevu ikalainika. Penseli iliyofaa mwezi wa Januari huanza kuzama mwezi wa Aprili, nami hushuka daraja moja kuelekea B.

Mbao hufuata kanuni hiyo hiyo, ila ina jambo ambalo karatasi haina: uso wake si mmoja. Tazama kipande cha paini, mathalani kile cha kutoka mashamba ya Sao Hill kule Mufindi. Utaona mistari miwili inayopokezana, mpana mweupe na mwembamba wa kahawia. Ule mpana ni sehemu iliyoota mti ulipokuwa unakua haraka, na ni laini kiasi cha kuacha alama ya ukucha. Ule mwembamba ni mgumu. Penseli ya 4H ikikatiza hapo inazama, inateleza, inazama, inateleza. Ukiivuta kufuata nyuzi ni mbaya zaidi, kwa kuwa ncha inaingia kwenye sehemu laini na kuufuata mshipa wa mbao, ikaiacha rula taratibu. Unainua skwea na kukuta mstari umepinda kidogo, ukadhani skwea ndiyo mbovu.

Kwa paini iliyopigwa randa natumia HB, au H ikiwa mbao imekauka vizuri, na sikandamizi. Mtihani wake ni mwepesi: piga mstari kwenye kipande cha kutupa, ufute kwa raba, kisha pitisha ukucha juu yake. Ukucha ukikwama, shuka daraja moja kuelekea B.

Mninga unataka kinyume chake. Ni mgumu zaidi, na una vitundu virefu vinavyoonekana kwa macho. Penseli ya 2B inaacha unga kwenye vitundu hivyo, na msasa unausukuma ndani badala ya kuutoa. Ukipaka vanishi, mahali pale panabaki na kijivu kama pameguswa na mkono wa makanika. Kwa hiyo kwenye mninga, na kwenye mvule pia, 2H ndiyo kazi yake, maana mbao inaweza kuibeba ncha bila kuchimbika na unga unaomwagika ni kidogo. Mistari yote naifuta kwa raba kabla ya kushika msasa, kwa sababu msasa ukitangulia, unga wa kinywe unachanganyika na vumbi la mbao na kusambaa uso mzima.

Mbao iliyotoka kwenye msumeno bila kupigwa randa ni habari nyingine. Ina manyoya, na ncha kali inavunjika au kupotea humo. Hapo ndipo ile penseli bapa ya seremala inapostahili. Ubapa wake unaizuia isibiringike kutoka kwenye meza, na kijiti chake ni kipana na hakivunjiki ovyo. Kichongeo cha shule hakiiwezi. Inachongwa kwa kisu au patasi, kisha kijiti kinasuguliwa kwenye msasa pande mbili mpaka kiwe kama mdomo wa patasi. Ukiilaza ubavu huo kwenye skwea, inatoa mstari mwembamba kwa muda mrefu kuliko ncha ya duara, kwa sababu kinacholika ni makali yote wala si nukta moja.

Wembamba huo una hesabu yake. Chukua meza ndogo yenye miguu minne, iliyounganishwa kwa vipande vinne vyenye ulimi kila mwisho. Vipande viwili vya mbele na nyuma vinatakiwa viwe na milimita 400 kutoka bega la ulimi hadi bega. Fundi amepima kwa HB butu, na mstari una upana wa milimita moja. Kipande cha kwanza amekata akauacha mstari wote kwenye kazi, pande zote mbili. Cha pili amekata akauondoa wote. Vipimo vilikuwa sahihi, lakini kipande kimoja sasa kimezidi kingine kwa milimita mbili. Akikaza viungo, pembe hazitakaa mraba, au bega moja litabaki na mwanya ambao gundi haiwezi kuuficha. Akichonga 2H vizuri, mstari unashuka chini ya nusu milimita, na hata akikosea upande wa kukata, mwanya unakuwa mdogo kiasi cha kusahihishwa kwa patasi.

Kwa mabega hayo, nikiwa kwenye mninga, huwa nakata mstari kwanza kwa kisu kikali, kisha napitisha 2H ndani ya mkato huo huo. Kisu kinaiongoza penseli, na weusi wake unanifanya niuone mkato kwenye mbao ya kahawia. Upande wa kutupa natia alama ya X kubwa, kwa penseli yoyote ile, kwa kuwa upande huo unakwenda jikoni kuwashia moto.

Mpingo haujali namba wala herufi. Kiini chake ni cheusi, na kinywe juu yake huonekana tu ukiinamisha mbao mwanga ukakipiga, kama alama ya konokono ukutani. Hapo natumia penseli nyeupe ya rangi, na mahali pa kiungo natumia kisu peke yake.

Ile meza ya paini bado ninayo. Nilikwangua vanishi, nikaipiga randa upya mpaka mifereji ikaisha, na uso ukapungua karibu milimita moja. Safari ya pili nilipima kwa HB.