Anza na Namba ya EWURA: Kuhakiki Risiti ya LUKU kwenye Picha

Picha ya risiti ya LUKU huingia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo ikiwa imekunjamana, imepigwa usiku kwa mwanga hafifu, na chini yake malalamiko: "Jamani, hela ileile, mbona uniti zimepungua?" Majibu hayakawii. Mmoja anasema ni makato ya serikali, wa pili anamsingizia wakala, wa tatu anadai mita imechoka. Anayekaa akapiga hesabu ni nadra, ilhali risiti yenyewe, hata ikiwa na ukungu, ina namba za kutosha kumaliza ubishi.

Tuanze na risiti nyepesi. Mtu amenunua umeme wa Sh 10,000 na hana deni lolote. Risiti yake inaonyesha gharama ya umeme Sh 8,196.72, VAT ya asilimia 18 Sh 1,475.41, REA ya asilimia 3 Sh 245.90, EWURA ya asilimia 1 Sh 81.97, na uniti 28.1. REA ni tozo ya umeme vijijini. EWURA ni ya mamlaka inayodhibiti bei za nishati na maji. Ukijumlisha hizo fedha nne unarudi kwenye Sh 10,000 kamili.

Hapa ndipo wengi hukwama. Wanajua makato ni asilimia 22, hivyo wanachukua asilimia 22 ya elfu kumi, wanapata Sh 2,200, kisha wanaona kwenye risiti makato ni Sh 1,803.28 tu na kuanza kushuku. Asilimia hizo hazikokotolewi kwenye hela uliyotoa. Zinakokotolewa kwenye bei ya umeme peke yake, halafu zinaongezwa juu yake. Kwa hiyo unagawanya hela yako kwa 1.22 ili upate gharama ya umeme: 10,000 gawanya kwa 1.22 ni 8,196.72. Na usikariri hiyo 1.22. Jumlisha asilimia zilizoandikwa kwenye risiti uliyonayo, kwa sababu kodi hubadilishwa na Bunge na risiti ndiyo inayoonyesha kilichotozwa siku ile.

Sasa tazama namba ya EWURA. Kwa kuwa ni asilimia moja, ni gharama ileile ya umeme iliyosogezwa nukta mara mbili: 8,196.72 na 81.97. Kwenye picha mbaya hii ni faida kubwa. Karatasi ya mashine ya wakala hufifia upesi, nukta hupotea, 3 hugeuka 8, na 1 hufanana na 7. Kama mstari wa gharama hausomeki, chukua wa EWURA uzidishe kwa 100, na utakuwa umekosea kwa senti tu. Ukitaka uhakika zaidi, gawanya REA kwa 3 uone kama unarudi kwenye EWURA. Kisichookolewa kwa hesabu ni tokeni yenyewe, zile tarakimu 20. Tarakimu moja ikifutika hapo, rudi kwa wakala au kwenye ujumbe wa simu.

Baada ya gharama inakuja bei. Gawanya gharama kwa uniti: 8,196.72 kwa 28.1 ni karibu 292. Hiyo ni bei ya kundi la T1, wateja wa matumizi ya kawaida, zikiwamo nyumba nyingi na maduka madogo, katika bei za TANESCO zilizoanza Aprili 2016. Bei hizohizo ndizo zilizofuta ile tozo ya huduma ya Sh 5,520 kwa mwezi ambayo wazee wetu bado wanaihesabu kila wanapolalamika. Ukipata 291 na kitu usishtuke. Uniti kwenye risiti zimekadiriwa hadi desimali moja.

Kundi linalozua ugomvi hasa ni D1, la nyumba zinazotumia umeme kidogo. Humo uniti 75 za kwanza katika mwezi ni Sh 100 kila moja, na kila uniti inayozidi hapo ni Sh 350. Ile ya 76 haibadilishi bei ya zile 75 zilizotangulia. Ni ziada tu inayopanda. Mfumo unajumlisha manunuzi yako yote ya mwezi, na hauanzi upya kila unapokwenda kwa wakala.

Tuseme mama mmoja wa D1 amenunua umeme mara mbili mwezi huu. Mara ya kwanza alitoa Sh 7,500. Sh 1,500 zikakatwa kwanza kama kodi ya jengo, ambayo tangu mwaka 2021 inakusanywa kupitia LUKU na kwenye risiti nyingi husomeka kama deni. Kwenye umeme zikaingia Sh 6,000. Gawanya kwa 1.22: gharama ni Sh 4,918.03, EWURA ni Sh 49.18, na uniti alizopata ni 49.2. Angalia namba hizo mbili za mwisho. Kwa mteja wa D1 aliye ndani ya uniti 75, fedha ya EWURA na uniti hulingana, kwa kuwa uniti ni Sh 100 na EWURA ni asilimia moja. Hahitaji hata kikokotoo.

Wiki mbili baadaye akatoa Sh 6,000. Safari hii hapakuwa na makato ya kodi ya jengo, hivyo akatarajia uniti 49 nyingine. Akapata 32.5, na picha ikaingia kundini. Risiti inaonyesha EWURA Sh 49.18 ileile, yaani fedha iliyoingia kwenye umeme haikupungua hata senti. Makato, basi, yaondoe kwenye tuhuma. Kilichobadilika ni bei. Alikuwa amebakiza uniti 25.8 za bei ya chini, ambazo pamoja na kodi ni Sh 122 kila moja, jumla yake kama Sh 3,150. Sh 2,850 zilizobaki zikanunua kwa Sh 427 kila uniti, ikiwa ni 350 na asilimia 22 yake. Akapata uniti 6.7. Jumlisha: 32.5. Risiti iko sahihi.

Ndiyo maana picha moja haitoshi kwa mteja wa D1. Mwambie atume risiti zote za mwezi huo, na afunike jina na namba ya mita kabla hajazirusha kundini. Akizidisha uniti 75 mwezi hadi mwezi, anaweza kuhamishiwa T1, na hapo hata uniti ya kwanza itakuwa Sh 292. Dalili yake ni moja: gharama gawanya kwa uniti inatoa 292 kwenye ununuzi wa kwanza wa mwezi.

Hesabu hii inahakiki ununuzi tu. Kama uniti zimeingia sawasawa lakini zinaisha upesi, tatizo liko kwenye pasi, friji, waya unaovujisha umeme au mita, na hapo anahitajika fundi. Lakini kama namba za risiti zimekataa kukutana, au deni lililokatwa hulitambui, peleka risiti halisi TANESCO ukiwa na hesabu yako kwenye karatasi. Usiporidhika na majibu yao, malalamiko hupelekwa EWURA.