Picha ya Bidhaa Ikaguliwe Kabla ya Kupandishwa

Muuza makubazi anapiga picha kwa simu, na faili linatoka na pikseli 4000 kwa 3000. Anamtumia kwa WhatsApp kijana anayemsimamia duka la mtandaoni. Njiani picha inabanwa na kufika ikiwa na pikseli 1600 kwa 1200. Kijana anaikata ili ibaki jozi moja tu iliyokuwa katikati, na sasa zimebaki pikseli 620 kwa 480. Kwenye kioo kidogo cha simu bado inapendeza. Lakini mnunuzi akiikuza ili aone mshono wa ngozi, anakuta ukungu, na mshono ndio aliotaka kuukagua kabla ya kutoa pesa.

Kasoro hii hunaswa kwa programu fupi inayopitia folda nzima na kuwekea alama kila picha yenye walakini kabla haijapandishwa. Kwa lugha ya Python na maktaba ya Pillow, kiini chake ni mistari michache:

```python
from PIL import Image, ImageOps, ImageStat

picha = ImageOps.exif_transpose(Image.open("kubazi.jpg"))
upana, kimo = picha.size
ndogo = max(upana, kimo) < 1000

ukanda = picha.convert("L").crop((0, 0, upana, kimo // 10))
fujo = ImageStat.Stat(ukanda).stddev[0]
```

Namba 1000 haikuokotwa tu. Amazon huhitaji angalau pikseli 1000 upande mrefu ili mnunuzi aweze kukuza picha. Soko lingine lina kiwango chake, kwa hiyo soma masharti ya pale unapouzia kwanza.

Hata hivyo, kuhesabu pikseli peke yake hudanganyika kirahisi. Kijana akiona picha yake ya 620 imekataliwa, ataivuta hadi 1200 na itapita, ingawa hakuna chochote kipya kilichoongezeka ndani yake. Hapo kinahitajika kipimo cha pili, cha makali. Picha kali ina mahali ambapo pikseli moja ni nyeusi na jirani yake nyeupe ghafla. Iliyovutwa, majirani hukaribiana rangi kila mahali. Programu hupima ukubwa wa mruko huo. Ila ngozi laini isiyo na nakshi nayo ina miruko michache, kwa hiyo kubazi lilinganishwe na makubazi mengine, lisilinganishwe na vikapu.

Vurugu ya mandhari ndiyo ngumu zaidi, na ndiyo inayonivutia. Kompyuta haijui mkeka ni nini wala kubazi ni nini. Inachoweza ni kutazama kingo za picha, mahali ambapo bidhaa kwa kawaida haifiki, na kuuliza: rangi hapa zimetulia au zinarukaruka? Mistari miwili ya mwisho hapo juu inakata ukanda wa juu na kupima mtawanyiko wa mwanga wake. Kingo tatu zilizobaki hupimwa vivyo hivyo. Tuseme ukuta mweupe umetoa 6, na mkeka wa ukili wa rangi umetoa 45. Ni rahisi kupitisha mstari kati ya hizo mbili.

Sasa piga kubazi lilelile mbele ya ukuta uleule, dirisha likiwa kushoto. Ukuta unafifia polepole kutoka mweupe hadi kijivu, kipimo kinapanda hadi 25, na picha safi inawekewa alama bure. Dawa ni kuugawa ukanda katika vipande vidogo, kupima kila kimoja peke yake, kisha kuchukua wastani. Ndani ya kipande kimoja kivuli hakibadiliki sana, lakini mkeka hubadilika katika kila kipande.

Dawa hiyo haitasaidia kanga iliyotandazwa ikajaza picha. Pindo lake liko kwenye kingo, na nakshi ndiyo bidhaa yenyewe, hivyo programu itaiita vurugu kila mara. Upande wa pili, kikombe cha chai kilichosahaulika karibu na kubazi katikati ya picha hakitaonekana kabisa, kwa kuwa hakigusi kingo.

Ndiyo maana naamini programu ya namna hii isipewe ruhusa ya kufuta. Iandike jina la faili na sababu, iizuie picha hiyo isipande, na mtu aitazame. Viwango navyo vitokane na duka lenyewe: chagua picha 20 unazozikubali na 20 unazozikataa, zipime zote, uone namba zinatengana wapi. Zikichanganyikana, kipimo hicho hakifai kwa bidhaa zako, kitafute kingine.

Na picha zitumwe kwenye WhatsApp kama hati, maana hapo faili hufika na pikseli zake zote. Ukaguzi ufanyike bidhaa ikiwa bado mezani. Kubazi likishauzwa, haliwezi kupigwa picha tena.