Msusi akihama na wateja wako, usipaniki

JUMATATU asubuhi msusi wako haonekani. Kufikia Jumanne unasikia amekodi kiti mtaa wa pili na wateja wako wameshapigiwa simu. Roho inachafuka, unataka kwenda kumkabili. Tulia kwanza.

Ukweli usemwe, mteja si mali ya saluni wala ya msusi. Ana haki ya kwenda anakotaka. Hata kama msusi alitia saini kwamba hatafanya kazi karibu nawe, mahakama inaweza kulitupa katazo hilo ikiliona limepita kiasi. Na usithubutu kumnyima pesa za siku alizofanya kazi, maana mshtakiwa atakuwa wewe.

Kilicho chako ni daftari la miadi. Akiwa ameondoka na majina na namba zilizoachiwa saluni, hapo una hoja, kwa sababu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakinga habari hizo. Lakini sheria hiyo inakubana wewe pia: unapochukua namba ya mteja, muulize kama anakubali kutumiwa ujumbe wa biashara, kisha uandike jibu lake.

Sasa fungua daftari hilo. Tuseme msusi alikuwa na wateja 30 wa kudumu: wanane wa kuosha na kukausha kila wiki, kumi wa matuta na 12 wa rasta. Wale wanane utawapoteza wiki hii hii, kwa hivyo uanze nao leo. Matuta hukaa kama wiki mbili. Rasta zinaweza kukaa wiki sita hadi nane, kwa hivyo aliyesukwa juzi bado hajaamua atarudi wapi.

Waandikie walioridhia, mmoja mmoja, kabla siku yao haijafika: "Habari dada, msusi wako amehama. Rasta zako zitafikisha wiki sita mwisho wa mwezi. Nimekuwekea nafasi Jumamosi saa nne, na kufumua ni bure. Nikuhifadhie?" Usimseme vibaya aliyehama. Mteja anampenda, na matusi yatamsukuma huko huko.

Akija, msusi mpya awe anajua tayari unene wa rasta, rangi na bei ya mwisho. Mteja akianza kueleza upya kila kitu, ujue hiyo nafasi imeponyoka.

Wengine wataenda tu, kwani wanafuata mkono. Ukiona walioondoka wote wanataja bei au kungoja foleni, basi tatizo si msusi, ni saluni.

Kesho usirudie kosa. Miadi yote ipitie laini ya saluni, si simu ya msusi. Kila mteja ajue mikono miwili: huyu anamwosha, yule anamsuka. Na msusi anayejaza kiti kila siku, mwongeze kamisheni kabla jirani hajamwongezea.