Mstari mmoja uliogeuka mitatu

Ukihamisha taarifa ya benki kutoka PDF kwenda Excel, muamala mmoja wenye maelezo marefu huweza kutokea kama safu tatu: ya kwanza ina tarehe 04/03, “Malipo ya” na 45,000, ya pili “kodi ya nyumba” tu, ya tatu “Machi”. Mara nyingi PDF huhifadhi maneno na mahali yalipo kwenye ukurasa, si visanduku vya jedwali. Programu ikiona mstari mpya, hudhani ni safu mpya.

Dawa ni kutafuta safu wima isiyokosa kitu kwenye muamala halisi. Hapa ni tarehe. Safu isiyo na tarehe ni mwendelezo wa iliyo juu yake. Tarehe zikiwa A na maelezo B, andika kwenye D2, kisha iburute hadi chini:

```
=TRIM(B2&IF(A3=""," "&D3,""))
```

Nakili D, ibandike kama thamani, ndipo ufute safu zisizo na tarehe. Ukifuta kwanza, fomula zitaharibika.

Tahadhari: tarehe ikichapwa katikati ya kisanduku, mstari wa kwanza wa maelezo hutangulia tarehe yake na kudandia muamala wa juu. Jumla ya fedha haitakuonyesha kosa hilo. Soma maelezo yenyewe.