Mapato ya jana yamepungua, mauzo hayajapungua

Meneja wa duka la jumla Dar es Salaam anafungua ripoti ya asubuhi na kukuta mapato ya jana ni shilingi 10,000,000. Karatasi aliyochapisha jana jioni inasema 11,800,000. Hakuna aliyeiba. Waraka wa mhasibu mkuu umebadilisha maana ya neno “mapato”: awali ripoti ilihesabu kila shilingi iliyoingia kwenye droo, sasa inaondoa VAT.

Sababu ni ya msingi. VAT ya asilimia 18 si mali ya duka. Linaikusanya kwa niaba ya TRA. Kanuni ya kimataifa ya uhasibu, IFRS 15, nayo haihesabu fedha za namna hiyo kuwa mapato.

Wengi hukosea hapa: hupunguza asilimia 18 kutoka 11,800,000 wakapata 9,676,000. Kodi iliongezwa juu ya bei halisi, kwa hiyo tunagawanya kwa 1.18. Na kwa kuwa baadhi ya bidhaa zimesamehewa VAT, pengo halitalingana kila siku.

Waraka mzuri hutaja tarehe ya kuanza, tena husema wazi kama miezi iliyopita imekokotolewa upya. Isipokokotolewa, chati itaonyesha poromoko siku hiyo, na muuzaji aliyepangiwa lengo kwa hesabu ya zamani ataonekana mvivu bure. Lengo lake nalo ligawanywe. Mwenye shaka ahesabu risiti: zikiwa zilezile, biashara haijashuka.